Hakuna Aliyeiba Chaji: Namba ya Simu Kuukuu Ndiyo Yenye Kosa

Hapa Kasongo, kama kule Kabambare, kesi ya simu inayoshuka chaji ghafla huamuliwa kabla haijasikilizwa. Simu imetoka kwenye kibanda cha kuchajia ikiandika 100. Baada ya saa chache ikawa 50, mara ikazima, na ilipowashwa tena ikaandika 15. Mwenye simu hana shaka hata kidogo: mwenye kibanda amemlipisha chaji ambayo hakuitia. Jirani yake anaongeza kwamba chaji ya jua ni nyepesi, haikai kama ya jenereta. Fundi naye anasema programu ya simu imeharibika, inabidi kuiflashi. Na wote watatu wanamalizia kwa ushauri mmoja: iache simu ife kabisa mpaka sifuri, mara kadhaa mfululizo, betri itarudi kama zamani.

Hukumu hizi zote zimesimama juu ya imani moja, kwamba ile namba iliyo pembeni ya kioo ni kipimo cha kitu kilichomo ndani ya betri. Ikishuka kwa 35 papo hapo, basi kuna 35 iliyotoka, na lazima awepo aliyeitoa. Mimi nasema imani hiyo ndiyo kosa lenyewe. Namba hiyo ni makisio, na katika simu iliyozeeka ni makisio yanayofanywa kwa hesabu ya betri ambayo haipo tena. Siku namba inapoanguka kutoka 50 hadi 15, hakuna chaji iliyopotea dakika ile. Zile 35 hazikuwamo tangu asubuhi.

Ni haki nieleze namba hiyo inavyopatikana, kwa sababu ugomvi wote unaanzia hapo. Kemia ya betri ya lithiamu haina ndani yake kitu chochote kinachoonyesha kiasi cha chaji kilichobaki. Kazi hiyo hufanywa na kipima chaji, sehemu ndogo ya elektroniki iliyo kwenye bodi ya simu au kwenye betri yenyewe. Kipima hiki hakioni chaji. Kinaona volteji kwenye miguu ya betri, mkondo unaoingia na kutoka, na joto. Kutokana na hayo matatu kinakisia asilimia, na kinakisia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya volteji. Kiwanda kiliipima betri mpya kikaandika jedwali: ikijaa iko volti 4.35 au zaidi kwa simu nyingi za leo, au 4.2 kwa zile za zamani. Ikifika nusu iko karibu na 3.8, ikibaki moja ya tano iko karibu na 3.7, chini ya hapo volteji huporomoka haraka. Kipima kinasoma volteji, kinatafuta mstari wake kwenye jedwali, kinatoa asilimia. Taabu ya njia hii iko katikati. Kati ya volti 3.8 na 3.7 imejazana karibu theluthi nzima ya chaji ya betri. Ukikosea kusoma kwa sehemu mbili tu za mia za volti moja, umekosea asilimia sita au saba. Na jedwali linasema kweli pale tu betri inapokuwa imepumzika, maana betri inayofanya kazi huonyesha volteji ya chini kuliko haki yake, na inayochajiwa huonyesha ya juu kuliko haki yake.

Njia ya pili ni ya kuhesabu. Mkondo wote unaotoka kwenye betri hupitishwa katika kikinzani kidogo sana, na kipima kinajumlisha kila kilichotoka na kila kilichoingia. Njia hii haihangaishwi na volteji kupanda na kushuka, na ndiyo inayofanya namba iteremke taratibu, 80, 79, 78, badala ya kurukaruka. Lakini ina sharti moja: lazima kipima kijue betri nzima inabeba kiasi gani. Bila kujua jumla, huwezi kutoa asilimia ya kilichobaki.

Mtu anayeuza mafuta ya mawese kwa kikombe kutoka kwenye kidumu cha lita 20 anaelewa jambo hili mara moja. Akihesabu vikombe alivyouza, anajua kilichobaki bila kuchungulia. Lakini kidumu kile kikikaa miaka, mashapo yakaganda chini mpaka kikawa kinapokea lita 12 tu, naye akaendelea kuhesabu kwa 20, atakapouza lita 10 atamwambia mteja nusu bado ipo, kumbe zimebaki lita mbili. Hajaibiwa, na hesabu yake ya vikombe ni sahihi. Kilichokosewa ni ukubwa wa kidumu.

Simu kuukuu iko hivyo hivyo, na hapa nataka tuifuate moja kwa tarakimu. Chukua simu ambayo betri yake imeandikwa 4000 mAh, yaani miliampea 4000 kwa saa moja. Imetumika miaka mitatu, ikichajiwa karibu kila siku. Betri za aina hii kwa kawaida hutengenezwa zivumilie kujazwa na kuisha mara 500 hivi kabla hazijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, na joto huzizeesha mapema zaidi. Simu yetu imeshapita huko. Leo inabeba 2400 tu, lakini kumbukumbu ya kipima bado inasema 4000.

Mwenyewe anaondoka Kasongo asubuhi kwa pikipiki kuelekea Kabambare, simu ikiandika 100. Njiani anatumia 1000 mAh. Kipima kinapiga hesabu: 1000 kati ya 4000, imebaki 75. Ukweli ni kwamba imebaki 1400 kati ya 2400, yaani 58. Anaendelea, anasikiliza muziki, simu inatafuta mtandao mahali usipokuwapo, na kutafuta huko kunakula. Zikishatoka 2000, kipima kinaandika 50. Ukweli ni 400 kati ya 2400, yaani 17. Tofauti ya asilimia 33 imejengeka kidogo kidogo njia nzima, na hakuna aliyeiona kwa sababu namba imeshuka kwa adabu, moja baada ya moja.

Sasa anafika mahali mtandao unashika kwa shida, anapiga simu. Hapo linaingia jambo la pili, ambalo watu wengi wanaolalamika hawajawahi kuambiwa. Betri inapozeeka haipungui ukubwa tu. Ukinzani wake wa ndani nao huongezeka, yaani inapata shida kutoa mkondo mkubwa kwa mara moja. Betri mpya inaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.1, iliyochoka ikawa na 0.25 au zaidi. Na kupiga simu mbali na mnara kunadai mkondo mkubwa. Katika mtandao wa 2G simu haitangazi mfululizo. Inatangaza kwa mapigo mafupi, kila pigo likiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, yakirudiwa zaidi ya mara 200 kwa sekunde. Karibu na mnara, mtandao huiamuru simu ipunguze nguvu. Mbali na mnara huiamuru itoe nguvu yote, na hapo kila pigo linaweza kuvuta hadi ampea 2 kutoka kwenye betri.

Tupige hesabu. Betri iliyobaki na asilimia 17 ina volteji ya 3.68 hivi ikiwa imepumzika. Ampea 2 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.25, volteji inashuka kwa 0.5. Inabaki 3.18. Simu nyingi hujizima volteji ikikaribia 3.3, ili kulinda betri na kumbukumbu ya simu. Kwa hiyo inazima palepale, kioo kikiwa kimeandika 50. Ingekuwa betri mpya yenye omu 0.1, pigo lilelile lingeshusha volteji kwa 0.2 tu, ikabaki 3.48, na mazungumzo yangeendelea.

Mara simu inapozima, mkondo unakatika na volteji inarudi juu, 3.68 tena baada ya kupumzika. Mwenyewe anaiwasha. Kipima kinapoanza upya, katika simu nyingi, hakiamini tena hesabu yake; kinasoma volteji na kwenda kwenye jedwali. 3.68 kwenye jedwali ni kama 15. Ndiyo namba anayoiona. Alikuwa na 50, ana 15, na katikati hakufanya chochote ila kusema "halo".

Amefika Kabambare, anaipeleka simu kibandani ikiwa na hiyo 15. Chaji inaingia vizuri, na kipima kinahesabu: 500, 1000, 2000 mAh. Kwa kitabu chake 2000 kati ya 4000 ni asilimia 50, hivyo kioo kinaandika 65. Lakini betri haina nafasi tena. Volteji imefika kilele, mkondo unaopokelewa umepungua mpaka karibu na sifuri, na hiyo ndiyo alama ya kujaa ambayo kila simu inaitii. Kipima kinalazimika kuachana na hesabu yake na kuandika 100. Simu nyingine huruka mara moja, nyingine hukimbiza namba, 70, 80, 90, ndani ya dakika chache ili mtu asishtuke. Kijana wa kibanda anaona simu iliyokuwa 65 sasa hivi imejaa, anaichomoa, anamrudishia mwenyewe.

"Yaya, hii ni chaji ya bongo," anasema mteja. "Iko je ilikuwa 65 sasa hivi, na sasa imejaa?"

"Mdogo wangu, batri ndiyo imejaa. Mimi sikugusa kitu."

Kijana yule anasema kweli, na hana namna ya kuithibitisha. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Watu wanaoishi kwa paneli mbili na betri moja ya gari wanaitwa wezi kwa kosa la hesabu lililofanyika ndani ya simu ya mteja. Kushuka kwa ghafla njiani na kupanda kwa ghafla kibandani ni kosa moja lililoonekana mara mbili, mara moja wakati wa kutoa na mara moja wakati wa kuingiza.

Wapo watakaoniambia: lakini chaji ya jua ni nyepesi kweli, tumeona. Hapana. Betri haijui mkondo umetoka wapi. Paneli siku ya mawingu inatoa mkondo mdogo, kwa hiyo inachelewa. Jenereta inatoa mkondo wa kutosha, kwa hiyo inawahi. Lakini mAh 2000 zilizoingia kwa saa sita ni sawasawa na mAh 2000 zilizoingia kwa saa mbili. Betri iliyofikishwa kilele cha volteji yake kwa jua imejaa kama ile iliyofikishwa kwa petroli. Hakuna chaji yenye maji ndani yake.

Jua linahusika kwa njia nyingine kabisa, na ningependa watu wahamishie ukali wao huko. Simu nyingi zinazochajiwa kwa paneli huwekwa palepale paneli ilipo, juani, juu ya bati au pembeni ya dirisha. Betri inayochajiwa tayari ina joto lake. Ukiongeza la jua, kemia yake ya ndani inaharibika upesi. Utando unaojijenga juu ya upande wake hasi unanenepa, unakula lithiamu ambayo ingebeba chaji, na kuongeza ukinzani. Yaani madhara yale mawili tuliyoyahesabu, ukubwa kupungua na ukinzani kupanda, yote mawili yanaharakishwa na joto, hasa betri ikiwa imejaa. Anayetaka kumlaumu mwenye kibanda kwa haki amuulize anaiweka simu wapi. Na anayetaka kumkagua aangalie kama simu imechomolewa kabla haijajaa. Hilo linawezekana, nalo linaonekana, kwa sababu simu itatoka na volteji pungufu.

Kuna sababu nyingine ya kwetu inayofanya kipima kikosee kuliko kinavyokosea mjini kwenye umeme wa ukutani. Kipima kizuri kina uwezo wa kujifunza ukubwa mpya wa betri. Kinahitaji kuiona betri imepumzika karibu na kujaa, kisha kuiona imepumzika karibu na kuisha, na kuhesabu bila kukatizwa kati ya hizo alama mbili. Sasa angalia maisha ya simu ya Kasongo. Inachajiwa robo leo kwa sababu mawingu yametanda, nusu kesho kwa sababu foleni ni ndefu kibandani. Haifiki 100 kwa siku nyingi mfululizo. Mchana kutwa inatafuta mtandao, kwa hiyo haipumziki. Kipima hakipati alama hata moja ya kujirekebisha, na kosa dogo la kila siku linarundikana juu ya lingine. Betri inaendelea kuzeeka, kumbukumbu inaendelea kusema 4000.

Hapo ndipo ushauri wa kuiua simu mpaka sifuri unapopata punje yake ya ukweli, na sitaki kuificha. Ukiijaza simu kabisa, ukaiacha kidogo bila kuitumia, ukaitumia taratibu mpaka izime, kisha ukaijaza tena bila kukatiza, kipima kinaweza kujifunza kwamba betri ni 2400. Kuanzia hapo namba itateremka haraka zaidi lakini kwa ukweli zaidi. Kinachotibika ni namba. Betri haipati hata tone moja la uwezo, na ule ukinzani unabaki vilevile, kwa hiyo simu bado inaweza kuzima ukipiga mbali na mnara. Wanaosema betri "itarudi" wameurithi ushauri huo kutoka kwenye betri za nikeli na kadimiamu, zilizokuwa zikifaidika kwa kuishiwa kabisa mara kwa mara. Betri za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, haziko hivyo. Kuzifikisha sifuri kila wiki kunazichosha. Mara moja kwa miezi kadhaa inatosha, tena kwa ajili ya kipima peke yake.

Kuhusu kuflashi, nitasema wazi: ni kumlipisha mtu kwa nafuu ya siku chache. Kufuta programu kunaweza kufuta pia kumbukumbu ya kipima, na kikianza upya kinasoma volteji, kwa hiyo kwa muda namba inaonekana ina akili. Kisha hesabu ya 4000 inarudi na maporomoko yanarudi nayo. Fundi anayejua hilo na bado akachukua pesa amefanya kile ambacho mwenye kibanda anasingiziwa.

Kama kuna anayedhani haya ni matatizo ya simu za bei ndogo, akumbuke kilichoipata kampuni ya Apple. Simu zake za iPhone 6 na zile zilizofuata zilikuwa zikizima ghafla huku zikionyesha chaji ya kutosha. Mwanzoni mwa mwaka 2017 kampuni ilitoa toleo la 10.2.1 la programu yake, ambalo lilipunguza kasi ya simu zenye betri chakavu bila wenye simu kuelezwa vya kutosha. Desemba mwaka huo ilikiri: betri iliyozeeka haiwezi kutoa mkondo wa kilele, simu inajizima kujilinda, kwa hiyo kasi ilipunguzwa ili kilele kisifikiwe. Ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2020 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda walaji iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Hawa ni watu wanaotengeneza simu na programu yake kwa pamoja, nao hawakuweza kuirudishia betri nguvu kwa programu. Walichoweza ni kuifanya simu idai kidogo, na mwishowe kuuza betri mpya kwa bei ya chini. Kama wao hawakuweza, kompyuta ya fundi sokoni haitaweza.

Sasa, mtu atajuaje kama betri ya simu yake imepungua ukubwa au imepanda ukinzani? Yako majaribio mawili, na yote yanaweza kufanyika katika kibanda chochote.

La kwanza halihitaji chombo. Simu ikizima ikiwa na namba kubwa, usiichaji. Iache ipumzike kama nusu saa, kisha iwashe na uiache bila kupiga wala kufungua chochote kizito. Ikirudi na namba ya kutosha na ikadumu muda mrefu kwa kazi nyepesi, halafu ikazima tena mara tu unapopiga simu au kuwasha kamera, tatizo kubwa ni ukinzani: chaji imo, betri inashindwa kuitoa kwa nguvu. Ikirudi na 2 au 3 na kufa baada ya muda mfupi hata bila kazi, tatizo kubwa ni ukubwa: chaji haimo, kipima kilikuwa kinahesabu hewa. Simu nyingi kuukuu zina yote mawili, kama ile tuliyoifuata njiani. Tahadhari moja: zipo simu ambazo kipima chake hakisahau hesabu hata simu ikizima, nazo zitarudi na namba ileile ya uongo. Kwa hizo usiangalie namba. Angalia imedumu muda gani.

La pili linahitaji kipimo kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa kuchajia na chanzo cha umeme, kile chenye kioo kinachoonyesha volti, ampea na jumla iliyopita. Subiri simu iishe mpaka izime yenyewe, iache imezimwa, ichaji mpaka ijae, kisha soma jumla. Usisome mAh, kwa sababu kipimo kinahesabu kwa volti 5 za waya na betri inahesabiwa kwa volti zake. Soma Wh, yaani wati-saa. Betri ya 4000 mAh iliyoandikwa volti 3.85 ilizaliwa na 15.4 Wh. Tuseme kipimo kimeonyesha 10.5 Wh. Toa sehemu inayopotea kama joto wakati wa kuchaji, asilimia 12 hivi, inabaki karibu 9.2. Gawanya kwa 15.4 upate 0.6. Betri hiyo ina asilimia 60 ya uwezo wake wa kuzaliwa, yaani 2400 mAh. Hakuna kinachobaki cha kubishania.

Mwenye kibanda akiwa na kipimo hicho, ana ushahidi ambao kijana wa Kabambare hakuwa nao. Anamwonyesha mteja: nimeingiza hizi, nawe angalia. Simu iliyopokea kidogo kwa sababu imejaa na simu iliyopokea kidogo kwa sababu imechomolewa mapema zinatofautiana, maana ile iliyojaa mkondo wake umeshuka karibu na sifuri yenyewe, na kioo cha kipimo kinaonyesha hivyo.

Anayeamua kununua betri nyingine naye asidhani maneno yameisha. Jedwali lililo kwenye simu liliandikwa kwa betri ya kiwandani. Betri ya kuiga inaweza kuwa na kemia tofauti kidogo, na mara nyingi ukubwa ulioandikwa juu yake haumo ndani. Ukiweka betri iliyoandikwa 4000 ambayo kweli ni 2600, umerudi palepale: namba itaporomoka tangu siku ya kwanza, na safari hii betri ni mpya. Ipime kwa njia ile ya Wh kabla hujaachana na muuzaji. Ikiwa ya zamani imevimba na kuinua mfuniko, usijaribu chochote. Itoe, usiitoboe, usiichaji tena.

Basi hukumu yangu ni hii. Simu ya miaka mitatu ikizima kwenye 50, wa kwanza kushukiwa ni betri yake, wa pili ni kipima kinachoikumbuka ilivyokuwa mpya, na mwenye kibanda anakuja mwisho kabisa, tena baada ya kupimwa. Mteja, usimwite mtu mwizi kwa ushahidi wa namba ambayo simu imeikisia. Mwenye kibanda, nunua kipimo na uiweke simu ya mwenzako kivulini. Fundi, acha kuuza kuflashi kama dawa ya betri. Na kila mwenye simu kuukuu anayesafiri kati ya Kasongo na Kabambare, apige simu zake za lazima na kumaliza miamala yake ya pesa mapema, kabla namba haijafika nusu, kwa sababu katika betri kama hiyo nusu ya chini haipo.